Mizani Iliyopotosha Vipimo: Namna ya Kumwomba Mhadhiri Ruhusa ya Kuwasilisha Upya Ripoti ya Maabara

Ripoti ya maabara inayosema kwamba dawa haikufikia kiwango ni tuhuma dhidi ya dawa hiyo. Ikiwa kosa lilikuwa la mizani, tuhuma hiyo si ya haki na haina budi kuondolewa kwa utaratibu. Somo hili linafafanua ombi la namna hiyo kwa mfano uliotungwa wa mwanafunzi wa famasia katika kata ya Chuno, Manispaa ya Mtwara-Mikindani.

Zoezi lilikuwa kupima ulinganifu wa uzito wa vidonge. Vidonge 20 hupimwa kimoja kimoja, kisha hutafutwa wastani. Kwa vidonge vyenye uzito unaozidi miligramu 250, visizidi viwili vinavyotofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, wala pasiwe na hata kimoja kinachotofautiana kwa zaidi ya asilimia 10. Mgonjwa hunufaika na kipimo hiki, kwa kuwa kidonge chepesi mno au kizito mno huenda kikabeba kiasi cha dawa kisicho sahihi.

Mwanafunzi alipata wastani wa gramu 0.590, hivyo mipaka ya asilimia 5 ikawa takriban gramu 0.561 na 0.619. Vidonge vinne vilitoka nje ya mipaka hiyo, naye akaandika kwamba dawa haikufaulu. Baadaye alitambua jambo katika daftari lake: vidonge viwili vyepesi vilikuwa vya kwanza kupimwa, na viwili vizito vilikuwa vya mwisho. Vidonge huchukuliwa bila mpangilio, kwa hiyo uzito wake hauna sababu ya kupanda kwa kufuata zamu. Kilichokuwa kikipanda ni sifuri ya mizani. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na upimaji ulianza mara uliporejea, ilhali mizani ya kielektroniki huhitaji kuachwa ikiwaka, kwa kawaida nusu saa au zaidi, hadi itulie.

Dhana pekee haitoshi kumshawishi mhadhiri. Ushahidi ndio unaoipa barua uzito, kama inavyoonekana hapa:

*Chuno, Mtwara*

*Kwa Mhadhiri wa Somo la Uchanganuzi wa Dawa*

*YAH: OMBI LA KUWASILISHA UPYA RIPOTI YA ULINGANIFU WA UZITO WA VIDONGE*

*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ripoti niliyowasilisha ilihitimisha kwamba vidonge havikufaulu. Naomba kuiwasilisha upya kwa sababu mizani haikuwa imetulia.*

*Mwishoni mwa zoezi, sahani tupu ilisoma gramu 0.060 badala ya sifuri. Kidonge namba 1, kilichosoma gramu 0.558 mwanzoni, kilisoma 0.618 kiliporudiwa. Jumla ya vipimo vyangu 20 ni gramu 11.80, lakini vidonge vyote vilipopimwa kwa pamoja katika mizani nyingine, iliyokaguliwa kwanza kwa jiwe sanifu, vilikuwa gramu 11.20. Fundi sanifu wa maabara ameshuhudia vipimo hivi.*

*Vidonge vimehifadhiwa katika chombo chenye lebo. Naomba ruhusa ya kuvipima upya na kuwasilisha ripoti mpya pamoja na ile ya awali. Nakala ya kurasa za daftari nimeiambatisha.*

*Wako mtiifu,*
*Mwanafunzi*

Vipimo vitatu vilivyotajwa katika barua vinakamilishana. Sahani tupu inaondoa shaka kwamba vidonge vilinyonya unyevu wa pwani, kwa kuwa juu yake hapakuwa na kidonge. Kidonge namba 1 kinaonyesha kwamba kitu kile kile kilipewa uzito tofauti. Tofauti ya gramu 0.60 kati ya jumla mbili, ikigawanywa kwa 20, inaonyesha kwamba kila kidonge kiliongezewa gramu 0.030 kwa wastani. Hiyo ni nusu ya 0.060, kama inavyotarajiwa pale sifuri inapopanda polepole kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mwanafunzi asiondoe tu ziada hiyo kwa hesabu. Kama mizani ingekuwa imezidisha kiasi kile kile tangu kipimo cha kwanza, kukitoa kiasi hicho kungetosha. Hapa sifuri ilikuwa ikihama, na hakuna aliyeandika usomaji wake kati ya kidonge na kidonge. Kutoa 0.030 katika kila kipimo kungerekebisha wastani, lakini vidonge vya kwanza vingeendelea kuonekana vyepesi na vya mwisho vizito. Ndiyo sababu barua inaomba kupima upya, haiombi kusahihisha tarakimu.

Barua hiyo pia haidai kwamba dawa ni nzuri, kwa kuwa jambo hilo litajulikana baada ya upimaji mpya. Tarakimu za awali hazifutwi: hupigwa mstari mmoja unaoziacha zisomeke, na kando yake huandikwa sababu, tarehe na saini. Katika upimaji wa marudio, mwanafunzi ataisubiri mizani itulie, ataikagua kwa jiwe sanifu mwanzoni na mwishoni, na atatazama sifuri kabla ya kila kidonge.