Hotuba ya Kwanza ya Mwakilishi wa Darasa: Namna ya Kuahidi Kinachotekelezeka

Mwakilishi wa darasa katika chuo kikuu, ambaye wanafunzi wa Tanzania humwita CR, hutoa hotuba yake ya kwanza katika muda wa kuazima. Mara nyingi ni zile dakika chache kabla mhadhiri hajaingia, au mara tu kipindi kinapokwisha na nusu ya darasa imeshavaa mabegi ikiwahi ukumbi mwingine. Dakika tatu zinatosha, yaani maneno kama 300. Katika nafasi hiyo hotuba hubeba ahadi mbili kubwa: msaada wa masomo utakaomfikia kila mmoja kwa usawa, na mawasiliano mazuri zaidi na wahadhiri.

Kabla ya kuandika, ni muhimu kujua mipaka ya nafasi yenyewe. Mwakilishi haongezi alama wala hafuti jaribio, na ratiba ya mitihani ya mwisho hupangwa na chuo. Kilicho mikononi mwake ni kukusanya hoja, kuzifikisha, kurudisha majibu na kusambaza vifaa vya masomo. Ahadi kama "hakuna atakayepata sapu" inamzidi uwezo, na matokeo yakitoka ndiyo itakayokumbukwa. Ahadi inayofaa hutaja kitu, mtu wa kukifanya na muda wa kukikamilisha. "Nitaboresha mawasiliano" haipimiki. "Jibu la mhadhiri nitalileta siku hiyohiyo nikilipata" inapimika na kila aliyeisikia.

Ahadi ya msaada wa masomo inaanzia kwenye swali la nani huachwa nyuma. Slaidi zikitumwa kwenye kundi la WhatsApp pekee, asiye na simujanja au aliyeishiwa bando huzipata zimechelewa, pengine baada ya jaribio. Mwanafunzi asiyeona hukwama kwa namna nyingine. Programu ya simu au kompyuta inayomsomea kwa sauti husoma maandishi yaliyochapwa, lakini picha ya daftari iliyopigwa kwa simu aghalabu humpa ukimya au herufi zisizoeleweka. Anayepanga mbali na chuo naye hukosa makundi ya majadiliano yanayokutana saa tatu usiku, kwa kuwa daladala za kurudia nyumbani zinampa wasiwasi.

Njia za kuwafikia wote hawa si ghali. Kila faili hutumwa kundini na nakala moja iliyochapwa huachwa kwenye duka la fotokopi lililo karibu na madarasa. Notsi za kusambazwa huchapwa na mtu mmoja kwa zamu. Makundi ya majadiliano hupangwa kwa kuchanganya wenye nguvu na wanaohitaji kusaidiwa, na walau moja hukutana mchana. Mitihani ya miaka iliyopita hutolewa kwa darasa zima kwa wakati mmoja, maana ikianza kuzunguka kwa marafiki wa mwakilishi pekee, imani ya darasa huvunjika.

Ahadi ya pili inahusu wahadhiri. Katika vyuo vikuu vingi nchini, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Ndiyo maana hoja nyingi zinazopitia kwa mwakilishi huhusu majaribio: tarehe zilizogongana, alama zisizoonekana, au matokeo ya kosiweki ambayo hayajabandikwa na mitihani imekaribia. Mhadhiri mwenye madarasa kadhaa akipigiwa simu na wanafunzi 20 kuhusu jambo moja, huchoka, na hoja yenyewe hufifia. Akipokea ujumbe mmoja wenye orodha kamili, anaweza kuufanyia kazi.

Mfano wa hotuba kwa darasa la watu 120 la mwaka wa pili unaweza kuwa hivi:

"Ndugu wanadarasa wenzangu, asanteni kwa kura zenu. Walionichagua na waliomchagua mwenzangu, wote sasa ni watu wangu. Nina mambo mawili.

"La kwanza ni masomo. Slaidi na notsi nikizipokea, nitazituma kundini siku hiyohiyo, na nakala itakuwa dukani kwa ajili ya asiye na bando. Notsi zitachapwa, hazitapigwa picha, ili wenzetu wasioona wazisome nao. Kufikia Ijumaa ijayo nitabandika orodha ya makundi ya majadiliano. Anayekaa mbali aniambie leo, nimweke kundi la mchana.

"La pili ni wahadhiri. Mwenye hoja inayogusa darasa aniletee kabla ya Alhamisi jioni. Nitaziunganisha, nitazipeleka Ijumaa, na jibu nikilipata nitalileta siku hiyohiyo hata kama si tulilolitaka. Jambo la mtu binafsi, kama ugonjwa au ada, mhusika atalipeleka mwenyewe. Akitaka nimsindikize, nitakwenda naye na siri yake itabaki yake.

"Sina uwezo wa kubadili alama wala mtihani wa mwisho. Nikishindwa haya niliyoyasema, niulizeni hapahapa mbele ya wote. Asanteni."

Aya ya mwisho haifai kukatwa hata muda ukibana. Inalinda darasa dhidi ya matumaini yasiyo na msingi, na inalipa haki ya kuhoji.

Utekelezaji hujaribiwa mapema. Tuseme jaribio la takwimu na la sosholojia yameangukia Ijumaa moja. Mwakilishi huanza kwa kusoma mpango wa kozi uliotolewa mwanzoni mwa muhula, kwa sababu tarehe iliyoandikwa humo tangu awali ni ngumu kuihamisha. Kisha huuliza darasa ni jaribio lipi lisogezwe, na hutafuta nafasi mbili ambazo ukumbi uko wazi na darasa halina kipindi. Ndipo huandika:

"Shikamoo, Dokta. Mimi ni mwakilishi wa darasa la mwaka wa pili. Jaribio la takwimu limeangukia siku moja na la sosholojia, Ijumaa. Darasa linaomba, ikiwezekana, lifanyike Jumatatu saa 8 mchana au Jumanne saa 4 asubuhi. Ukumbi uko wazi nyakati zote mbili. Tutapokea uamuzi wako."

Ujumbe huo unampunguzia mhadhiri kazi, kwani kilichobaki ni kuchagua. Akikataa, darasa huambiwa amekataa na sababu aliyoitoa. Hoja nzito isiyopata jibu hupelekwa kwa mkuu wa idara, baada ya mhadhiri kupewa nafasi ya kutosha ya kujibu.

Alama zinazokosekana hushughulikiwa kwa namba za usajili, na orodha yake haipiti kundini kwa sababu alama ni siri ya mwenyewe. Kila mwanafunzi hutunza karatasi yake ya jaribio iliyosahihishwa, maana bila hiyo mwakilishi hana cha kuonyesha.

Dalili za ahadi kulegea huonekana upesi: wanafunzi huanza kumpigia mhadhiri wenyewe, maswali yaleyale hurudi kundini kila siku, na wachache huonekana na notsi ambazo wengine hawana. Hapo mwakilishi husimama tena mbele ya darasa, akasoma ahadi moja baada ya nyingine na kueleza ipi imetimia na ipi bado. Kwa hiyo kila anayechaguliwa aihifadhi karatasi ya hotuba yake, na kila mwanadarasa aikumbuke: hiyo ndiyo mizani ya uongozi wake hadi muhula uishe.