Upele unaorudi kila mara

SWALI: Nimempaka mwanangu dawa ya upele mara mbili, umerudi. Dawa ni feki? – Mama, Lushoto

JIBU: Mama, kabla ya kuilaumu dawa, watazame wanaolala naye. Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huanza kujikuna baada ya wiki nne hadi sita, na muda huo wote anaambukiza wengine. Kwa hiyo hoja kwamba “mimi siwashwi, nipakwe ya nini?” haisimami. Pakaneni nyote jioni moja. Benzili benzoeti ipakwe kwenye ngozi kavu, kuanzia shingoni hadi nyayoni, si penye vipele tu: katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri. Ikae saa 24. Anayenawa mikono apake tena. Rudieni kama mlivyoelekezwa. Ya watoto huzimuliwa kwa maji. Kwa mtoto mchanga na mjamzito, ulizeni kwanza kituo cha afya.

Utasema mablanketi yakifuliwa hayakauki kwa ukungu wa Usambara. Kweli, na utitiri unaoleta upele huishi muda mrefu zaidi penye baridi na unyevu. Yafunge ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki nzima. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata utitiri ukiwa umekufa, kwa hiyo usiongeze dawa; vipele vipya baada ya hapo ndivyo dalili ya kurudi.