Dondoo muhimu: Kuchana nywele za kipilipili bila kuzikata

- Nywele zikilowa chepechepe huvutika na kulegea, lakini za kipilipili zikichanwa kavu hukatika zaidi. Zikamue kwa fulana ya pamba, zipake kondishena, ndipo uchane.
- Anza na vidole, kisha chanuo lenye meno mapana yaliyoachana. Brashi yenye meno ya karibu iache hadi zifumuke.
- Zigawe mafungu manne. Chana kuanzia nchani, ukipanda taratibu kuelekea kichwani.
- Ukikuta fundo, bana nywele juu yake, ongeza kondishena, kisha lifumue kwa vidole kuanzia chini.
- Kagua chanuo: unywele wenye kijivimbe cheupe mwishoni umetoka mzima, jambo la kawaida. Vipande vifupi visivyo nacho vimekatika. Vikizidi, punguza nguvu.