Maelezo ya "Kuhusu Sisi": Mteja Wako Yuko Wapi?

Tuchukue mfano. Una kitalu cha miche ya avokado pale Kangema. Mkulima wa Othaya ameona nambari yako na anataka miche 40 ya Hass. Hakujui, na unamwambia atume nusu ya pesa kwanza. Kabla ya kubonyeza, anafungua maelezo yako ya "Kuhusu Sisi" na kukuta hivi:

"Sisi ni kampuni inayoongoza kwa miche bora. Tulianzishwa mwaka 2019 na mkurugenzi wetu, mwenye shahada ya kilimo na maono makubwa. Tumepanua kitalu chetu hadi robo ekari. Tunajivunia timu yetu, maadili yetu na ubora wetu."

Hakuna uongo hapo. Lakini mkulima ana maswali yake: miche imepandikizwa ama ni ya mbegu tu? Ikikauka nitafanyaje? Nikituma pesa, nitajuaje zimefika kwa mtu sahihi? Hakuna hata moja lililojibiwa, kwa hivyo anaahirisha, na pengine hatarudi.

Kupima tatizo hili ni rahisi. Kwa Kiswahili, "sisi" mara nyingi hujificha ndani ya neno, kwa hivyo usihesabu neno "sisi" peke yake. Piga mstari chini ya kila "tu-" inayoanza kitenzi na kila "-etu". Kisha zungushia duara kila "u-" inayomlenga msomaji, "-ku-" na "-ako". Katika maelezo hayo kuna mistari tisa, ukihesabu na lile "Sisi" la mwanzo. Duara hakuna.

Sasa usikimbilie kuandika upya. Fungua kwanza mazungumzo yako ya simu na wateja 20 wa mwisho, uandike swali ambalo kila mmoja aliuliza kabla ya kutuma pesa. Maswali yatajirudia. Yale matatu au manne yanayojirudia zaidi ndiyo mwanzo wa maelezo yako, na yafuate mpangilio uleule ambao wateja huyauliza. Kwa kitalu chetu, yanaweza kutoka hivi:

"Ukinunua mche wa Hass hapa, unapata mche uliopandikizwa. Ukiutunza vizuri, unaweza kuanza kuvuna baada ya miaka mitatu hivi. Unakaribishwa kuona miche kabla ya kulipa, Jumatatu hadi Jumamosi. Ukiagiza kwa simu, unatuma nusu, na salio unalipa ukishaikagua miche. Mche ukikauka ndani ya siku 30 na ulikuwa ukiunyweshea maji, tuma picha, tutakubadilishia. Mwanzilishi wa kitalu amesomea kilimo. Yeye mwenyewe ndiye hupandikiza miche na ndiye atakayepokea simu yako."

Ona kwamba mwanzilishi hajafukuzwa. Shahada yake imebaki, ila sasa inamsaidia mteja: inaeleza kwa nini mche utashika, na ni nani atajibu ukiharibika. Robo ekari imetoka kwa sababu haimwambii mkulima chochote. Mwaka 2019 pia umetoka, lakini kama kuna miche ya mwaka huo ambayo sasa inazaa karibu na hapo, urudishe na uwaambie watu waende kuiona.

Wengine husahihisha kupita kiasi. Wanajaza "wewe" kila mahali: "Unastahili kilicho bora, ndoto yako ni yetu." Duara zitakuwa nyingi, lakini mkulima bado hajui chochote. Kama jirani yako anayeuza simu anaweza kunakili sentensi hiyo na ikamfaa, ifute. Na usiandike siku 30 kama huwezi kubadilisha mche siku ya 29.

Kuna watakaosema, mbona kampuni kubwa husimulia historia yao? Ni kweli. Equity ilianza papa hapa Kangema mwaka 1984 kama shirika la mikopo ya nyumba, na kufikia 1993 ilikuwa imetangazwa kwamba kimahesabu imefilisika. Watu huisoma hadithi hiyo kwa hamu kwa sababu benki wanaijua tayari, wengi wana akaunti huko. Mkulima wa Othaya bado anaamua kama wewe ni mtu wa kweli. Hadithi yako ndefu iweke chini, baada ya majibu.

Jambo la mwisho ni jina, na hapa wengi hupoteza mteja dakika ya mwisho. Mwombe rafiki akulipe shilingi 10 kupitia nambari yako ya kulipia, kisha asome jina linaloonekana kwenye simu yake. Kama maelezo yanataja jina la kitalu lakini simu inaonyesha jina lako la kitambulisho, mteja mwangalifu atasimama hapo hapo, na ana haki. Ama ubadilishe jina lililosajiliwa, ama uongeze mstari mmoja: "Ukilipa, utaona jina la mwanzilishi," ukifuatiwa na jina lenyewe, herufi kwa herufi kama linavyotokea.