Kutenga Posho ya Safari na Mshahara Unaokatwa Kodi

Tangu tarehe 1 Julai 2025, mfanyakazi nchini Kenya anayetumwa safari ya kikazi hakatwi kodi kwenye shilingi 10,000 za kwanza za posho ya kila siku. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa shilingi 2,000, na bado nakutana na majedwali ya mishahara yanayokata kodi kwa kiwango hicho cha zamani. Kama unaandaa mishahara, au unataka tu kuhakiki hati yako ya malipo, fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: hakikisha safari ilikuwepo. Sheria inahusu muda uliotumika nje ya kituo chako cha kawaida cha kazi, ukiwa kwenye shughuli za mwajiri. Nauli ya kutoka nyumbani kwenda ofisini haimo. Wala haimo "posho ya safari" inayolipwa kila mwisho wa mwezi kwa kiasi kilekile, uwe ulisafiri au ulishinda mezani. Niliwahi kukabidhiwa hesabu za kampuni iliyokuwa ikiwalipa wafanyakazi hivyo mwaka mzima bila kukata kodi. Jina lilikuwa posho, lakini pesa yenyewe ilikuwa mshahara, na kodi yake yote ilikuwa inadaiwa. Dalili ni hiyo: kiasi hakibadiliki, na hakuna barua ya kumtuma mtu popote. Kwa hiyo weka pamoja barua ya safari, tarehe za kuondoka na kurudi, na tiketi.

Hatua ya pili: ondoa kilicholipwa kama gharama ya mwajiri. Mwajiri akikata tiketi mwenyewe au akilipa hoteli moja kwa moja, hiyo si posho yako. Vilevile masurufu unayoyarejeshea hesabu kwa risiti na kurudisha salio: ulikuwa unatumia fedha ya mwajiri kwa kazi yake. Ukitumia gari lako, fidia ya kilomita kwa kiwango cha Chama cha Magari cha Kenya haikatwi kodi. Kinachozidi kiwango hicho ndicho cha kuangalia.

Hatua ya tatu: hesabu siku kwa siku. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tuchukue mfano. Fundi wa vifaa vya hospitali anayefanya kazi Eldoret, mwenye mshahara wa shilingi 90,000, anatumwa Lodwar mwezi Machi kwa siku nne. Tiketi ya basi inalipwa na ofisi. Kwa siku tatu anazolala huko anapewa shilingi 14,000 kila siku. Siku ya nne anarudi nyumbani, hivyo anapewa nusu, shilingi 7,000. Jumla ni 49,000.

Mhasibu mwenye haraka atazidisha siku nne kwa 10,000, apate 40,000 zisizokatwa, kisha atoze kodi kwenye 9,000. Amekosea, kwa sababu siku hazikopeshani. Siku ya nne fundi alipokea 7,000 tu, na nafasi ya 3,000 iliyobaki haihamii kwenye siku nyingine. Hesabu inakuwa hivi:

```
Siku 1-3:  10,000 x 3 = 30,000 bila kodi;  4,000 x 3 = 12,000 yenye kodi
Siku 4:    7,000 bila kodi;  0 yenye kodi
Jumla:     37,000 bila kodi;  12,000 yenye kodi
```

Hatua ya nne: peleka ziada kwenye PAYE. Zile 12,000 zinaongezwa kwenye mshahara wa mwezi huohuo, halafu kodi inakatwa kwa pamoja. Usizitoze peke yake kuanzia asilimia 10, kana kwamba fundi hana mshahara mwingine. Mapato yake tayari yamepita shilingi 32,333 kwa mwezi na yako chini ya 500,000, hivyo ziada inaangukia kwenye asilimia 30: kodi ni 3,600. Mwajiri anaiwasilisha KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwenye posho ya 49,000, fundi anabaki na 45,400.

Hatua ya tano: kagua fomu ya P9. Mwaka ukiisha mwajiri hukupa fomu hii, nayo huonyesha malipo ya kila mwezi. Kwa fundi wetu, kama hana marupurupu mengine, jumla ya malipo ya Machi isomeke 102,000, yaani mshahara na ziada. Ikisomeka 139,000, posho nzima imehesabiwa kuwa mshahara na amekatwa shilingi 11,100 zaidi ya anazodaiwa. Ikisomeka 90,000, ziada imesahaulika, na deni hilo KRA itamdai mwajiri. Iwe moja au nyingine, peleka barua ya safari na tarehe zako kwa mhasibu arekebishe kabla hujajaza ritani yako, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni.