Plasta hushika kwa umbo: namna ya kumfunga mtoto aliyevunjika mkono

Msimu wa maembe ukifika Nalufenya, pale Jinja, watoto hupanda miti na baadhi yao huanguka. Mtoto anayeanguka hutanguliza kiganja. Mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba huvunjika karibu na kifundo cha mkono, kipande cha mbele kinasukumwa kuelekea upande wa mgongo wa kiganja, na mkono ukiutazama kwa ubavu unafanana na uma wa mezani uliolazwa kifudifudi.

Tumchukue mvulana wa miaka tisa mwenye mvunjiko wa namna hiyo. Amekwisha kupewa dawa ya maumivu na usingizi, mfupa umevutwa ukarudi mahali pake, na msaidizi amemshika vidole na kiwiko. Kazi iliyobaki ni plasta ya jasi, ile ambayo wenzetu Tanzania huiita hogo. Wengi wanaoanza kazi hii hudhani plasta hushika mfupa kwa kubana, kwa hiyo wanakaza. Ukweli ni kwamba hushika kwa umbo lake. Ukilipata umbo, huna haja ya kukaza. Ukilikosa, hata ukikaza vipi mfupa utateleza, na mkono utaumia bure.

Andaa vitu kabla ya kugusa maji

Kwa mtoto huyu weka tayari soksi ya pamba ya kuvalisha mkono, mizinga miwili ya pamba ya kufungia, na mizinga miwili ya bandeji ya plasta yenye upana wa sentimita 10, au 7.5 kama mkono ni mwembamba. Maji yawe safi na ya uvuguvugu kidogo tu. Jasi inapokutana na maji hutoa joto lake yenyewe, na maji ya moto huliongeza joto hilo na kuharakisha kuganda. Maji machafu ya plasta ya mgonjwa aliyetangulia hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo yamwage. Mtoto anaweza kuungua ndani ya plasta bila mtu yeyote kuona moto, hasa plasta ikiwa nene au ikilazwa mbichi juu ya mto wenye mfuniko wa plastiki, joto likakosa pa kutokea.

Pamba: tabaka mbili au tatu

Valisha soksi bila mikunjo. Kisha zungusha pamba kuanzia kwenye kiganja kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukienda hivyo mara moja unapata tabaka mbili. Ongeza kipande kwenye kifundo cha mfupa upande wa kidole kidogo, na kwenye kingo zote mbili ambako plasta itaishia. Huko ndiko mfupa uko karibu na ngozi na ndiko vidonda huanzia.

Usiendelee kuongeza kwa huruma. Pamba ikizidi, uvimbe ukipungua baada ya siku chache mkono unabaki ukicheza ndani kama mchi kwenye kinu, na mfupa unarudi ulikotoka. Pamba ikipungua, ngozi inasuguliwa, na siku ya kukata msumeno unaikuta karibu mno.

Plasta, kisha kufinyanga

Zamisha mzinga mpaka mapovu yaishe, utoe, uusukume taratibu kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati ili maji yachuruzike bila jasi kukimbia. Uviringishe juu ya mkono bila kuuvuta. Kwa mtoto wa umri huu tabaka nne hadi sita zatosha. Kila tabaka ilainishe kwa kiganja ili zishikamane ziwe kitu kimoja.

Mbele, ishia kwenye mstari wa kiganja ulio chini ya vidole, ili aweze kukunja ngumi kamili na kidole gumba kiwe huru. Nyuma, ishia vidole viwili chini ya mkunjo wa kiwiko. Kwa mvunjiko ulio karibu na kifundo cha mkono, plasta fupi iliyofinyangwa vizuri hufanya kazi sawa na ile inayopita kiwiko. Mvunjiko ukiwa juu zaidi, katikati ya kigasha, pita kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90.

Sasa una dakika tatu au nne kabla jasi haijaganda. Utando unaoufunika mfupa umechanika upande wa kiganja, lakini upande wa mgongo wa mkono, kule kipande kilikosukumiwa, bado ni mzima. Utando huo ndio bawaba yako. Ukiuvuta ukakaza, vipande viwili vinakaa vimebanana. Weka kitako cha kiganja kimoja upande wa mgongo wa mkono, juu ya kipande cha mbele. Kitako cha kiganja cha pili kiweke upande wa chini, nyuma kidogo ya mvunjiko. Sehemu ya tatu ni upande wa mgongo tena, karibu na kiwiko, ambako plasta yenyewe au msaidizi huzuia. Sukuma kwa utulivu, ushikilie mpaka jasi igande. Kifundo kiiname kidogo tu kuelekea kiganjani, maana kukikunja sana hubana mshipa wa fahamu unaopita hapo.

Huku umeshikilia, bapaza kigasha pia, kwa maana mkono wa mtu si bomba. Ukikatwa kwa upana ni bapa kama yai lililolazwa, na plasta iwe vivyo hivyo. Ikiganda, itazame kwa ubavu. Itaonekana imepinda kidogo, na mzazi anaweza kushtuka. Mtulize, kwa sababu plasta iliyonyooka kama bomba la maji ndiyo inayouacha mfupa ukapinda.

Finyanga kwa viganja, usitumie ncha za vidole. Nilipokuwa najifunza, nilimfunga mtoto huku kidole gumba changu kikizama kwenye jasi mbichi. Alilia siku mbili, siku ya tatu akanyamaza, na sisi tukafurahi. Plasta ilipofunguliwa wiki nne baadaye, palikuwa na kidonda chenye umbo la kidole changu. Alinyamaza kwa sababu ngozi ilikuwa imekufa.

Pima kazi yako kwenye picha

Eksirei ya baada ya kufunga haionyeshi mfupa peke yake, huonyesha pia ukuta wa plasta. Penye mvunjiko, pima nafasi iliyo ndani ya plasta kwenye picha ya ubavu, kisha ugawe kwa ile ya picha ya mbele. Tuseme kwa mvulana wetu ubavu ni sentimita 4.2 na mbele ni 6.0. Jibu ni 0.7, na kazi ni nzuri. Kama ubavu ungekuwa 5.4, jibu lingekuwa 0.9, yaani umetengeneza bomba. Jibu likipita 0.8, ni afadhali ufungue na kufunga upya leo, mtoto akiwa bado na dawa ya usingizi, kuliko kusubiri mfupa uteleze.

Ipasue kabla hajaondoka

Mkono uliovunjika leo utaendelea kuvimba kwa siku mbili tatu, na plasta ya mviringo haitanuki. Kwa hiyo ipasue kwa mstari mmoja upande wa kidole kidogo, mbali na sehemu ulizosukuma, kutoka ncha hadi ncha. Pasua na pamba na soksi mpaka uione ngozi. Pamba iliyolowa damu ikikauka hukaza kama kamba, na kuiacha ni sawa na kutopasua. Funga bandeji laini juu yake.

Hatari kubwa ni misuli ya kigasha kuvimba ndani ya ala yake ngumu hadi damu isiweze kupita. Misuli ikikosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa, kisha hukauka na kuvikunja vidole kama makucha. Ulemavu huo Mjerumani Richard von Volkmann aliueleza mwaka 1881, na hadi leo huonekana kwa watoto waliofungwa kwa kubanwa, iwe kwa plasta au kwa mabanzi ya wafunga mifupa wa vijijini.

Usingoje vidole viwe baridi au mapigo yapotee. Hizo ni dalili za mwisho, na mapigo yanaweza kuwepo huku misuli inakufa. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi jeraha na kuongezeka saa baada ya saa. Nyoosha vidole vyake taratibu wewe mwenyewe. Akipiga yowe, chukulia kuwa misuli inabanwa. Mtoto mdogo hasemi "nabanwa". Hutapatapa, hana raha, na anaomba dawa mara kwa mara.

Kukagua mishipa ya fahamu, cheza naye jiwe, karatasi, mkasi. Ngumi ya jiwe, kunyoosha kwa karatasi na kutanua vidole viwili kwa mkasi hupima mishipa mitatu mikuu. Malizia na duara la kidole gumba na cha shahada, linalopima tawi moja lililobaki. Cheza hivyo kabla ya kufunga, uandike ulichoona, urudie nusu saa baada ya plasta na tena kabla hajaondoka.

Ukiona dalili, tanua ule mpasuko hadi kwenye ngozi na uweke mkono usawa wa moyo, usiuinue juu. Maumivu yasipopungua ndani ya nusu saa, toa plasta yote na umpeleke kwa daktari wa upasuaji mara moja. Usiihurumie kazi yako, kwani mfupa ulioteleza hurudishwa na misuli iliyokufa hairudi.

Maneno ya mlangoni

Mtoto huyu huenda anarudi nyumbani kando ya barabara ya Tirinyi, nusu ya njia kwenda Mbale, na usiku bodaboda hazipatikani. Anayekaa mbali hivyo ni bora alale wodini usiku wa kwanza. Mwambie mama yake kwa lugha anayoisikia, Lusoga au nyingine, kisha akurudishie kwa maneno yake. Mkono ukae juu ya mito siku mbili, vidole vichezeshwe kila saa, plasta isilowe, na kijiti cha kujikunia kisiingizwe ndani.

"Musawo, na vidole vikifa ganzi usiku wa manane?" huuliza mara nyingi. Jibu ni hili: "Mama, aje saa hiyo hiyo. Usafiri ukikosekana, fungua bandeji laini ya juu, loweka mkono wote kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, jasi ikilainika panua ule mpasuko uitoe plasta yote, halafu umlete. Hakuna atakayekugombeza."

Mwite tena siku ya saba kwa eksirei nyingine. Wakati huo uvimbe umeshuka, plasta imelegea, na mfupa ukiwa umeteleza bado unarudishika. Ukimwita wiki ya nne, utakuta umekwisha kuunga vile ulivyo.