Barua ya ruhusa: homa na vipele

Swali: Mwanangu wa darasa la tatu ana homa, na vipele vinasambaa kutoka usoni. Nimwandikie nini mwalimu mkuu? – Mama, Geita

Jibu: Pole sana, mama. Mpeleke zahanati kwanza. Kisha, katika barua, usiache tarehe vipele vilipoanza. Kama ni surua, mtoto huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake, hivyo wenzake darasani huenda wameshaambukizwa. Andika hivi:

“YAH: KUTOHUDHURIA MASOMO
Mwanangu alianza homa Jumamosi, vipele vikatokea Jumanne. Zahanati inashuku surua. Atarudi Jumatatu ijayo akipata nafuu. Naomba wazazi wa darasa lake wajulishwe.”

Akipumua kwa shida, mwahishe hospitali.